Unauza jiko la gesi? Usiandike tu 'halivuji'

"Nauza jiko la gesi, pleti mbili, liko safi, halivuji, bei maelewano." Mzazi unayesoma ukurasa huu umeshaliona tangazo la namna hii kwenye kundi la Watsapu la darasa la mtoto wako, au la mtaani kwako. Huja na picha mbili, moja ya mbele na moja ya juu. Dakika tano baadaye mtu anauliza "bado lipo?", na jioni jiko limeshapanda bodaboda.

Majiko haya yatazidi kubadilisha mikono. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na kwa familia nyingi za mjini hatua ya kwanza ni gesi. Anayenunua jipya leo ndiye atakayeuza lililotumika kesho, na anayelinunua mara nyingi ni mzazi mwenzake ambaye hajawahi kutumia gesi.

Wiki hii tuliangalie tangazo lenyewe. Katika maneno yale machache, ni neno moja tu linalohusu usalama wa mnunuzi, nalo ni "halivuji". Kwa bahati mbaya neno hilo halimwambii chochote. Jiko halina gesi ndani yake. Gesi iko kwenye mtungi, inapita kwenye reguleta, inaingia kwenye mpira, ndipo inafika jikoni. Ukiuza jiko peke yake, halivuji kwa sababu hakuna cha kuvuja. Anachotaka kujua mnunuzi ni kama lilipimwa, lini, kwa mtungi gani, sehemu zipi, na sehemu zipi hazikuguswa.

Nitatumia mfano wa mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, aliyekuwa anahamia Dodoma na kuuza jiko lake la mezani. Mnunuzi alikuwa mzazi mwenzake wa darasa la awali, mwenye mtoto mwingine wa mwaka mmoja na nusu anayetambaa na kusimama kwa kushika vitu. Kabla ya kupokea hela aliomba jiko lipitiwe na fundi wa majiko. Alipomuuliza, "Fundi, hili linavuja?", alijibiwa, "Bado sijui, mama. Halijapimwa." Tulilipitia hatua kwa hatua.

Pleti ngapi, na zipi zinawaka?

Idadi ya pleti inaonekana rahisi kutaja, lakini ndiyo inayoleta ugomvi mwingi baada ya kununua. Majiko mengi makubwa ya kusimama yenye oveni huitwa "pleti nne" kwenye tangazo, kumbe tatu ni za gesi na moja ni ya umeme. Oveni nayo inaweza kuwa ya gesi au ya umeme. Andika waziwazi: "pleti tatu za gesi, moja ya umeme, oveni ya umeme." Mnunuzi mwenye luku inayokatika kila wiki atakushukuru.

Baada ya idadi, taja kila pleti inavyowaka. Jiko la Tabata lina pleti mbili, ya kushoto kubwa na ya kulia ndogo, na juu ni la kioo. Kubwa iliwaka kwa kuzungusha swichi tu. Ndogo ilitoa cheche lakini haikushika mpaka kiberiti. Hilo si kosa la hatari likijulikana. Likifichwa, mnunuzi atazungusha swichi mara tano mfululizo, gesi ikitoka kila mara bila kuwaka, halafu mara ya sita moto utamrukia usoni. Kwa hiyo linaandikwa.

Angalia pia rangi ya moto. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu, umetulia kwenye matundu. Moto wa njano unaochafua sufuria kwa masizi una maana gesi haiungui vizuri, na gesi isiyoungua vizuri hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu. Mara nyingi sababu ni ndogo: kichwa cha pleti kimekaa upande, au matundu yameziba kwa uji uliomwagika. Kisafishe kwa brashi na maji ya sabuni, kikauke kabisa, kirudishe kikae sawa, kisha washa tena.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo brashi haiiondoi, na inahusu majiko ya mitumba kutoka Ulaya. Huko nyumba nyingi hupikia gesi asilia inayokuja kwa bomba, kama ilivyo kwa baadhi ya nyumba za Mikocheni hapa Dar es Salaam. Gesi asilia si gesi ya mtungi. Jiko lake lina vitundu vikubwa zaidi vya kutolea gesi. Ukilifunga kwenye mtungi, gesi hutoka nyingi kupita kiasi, na moto unakuwa mrefu, wa njano na wenye masizi hata usafishe vipi. Geuza jiko usome kibandiko cha nyuma au cha chini. Kikisomeka G20, lilitengenezwa kwa gesi asilia. G30 au G31 ni gesi ya mtungi. Piga picha kibandiko hicho uiweke kwenye tangazo. Kama ni G20 na vitundu havijabadilishwa na fundi, sema hivyo, kwa sababu mnunuzi mwenye mtungi hawezi kulitumia lilivyo.

Kwa jiko la kioo, ongeza jambo moja. Pitisha kidole na macho pembezoni mwa kioo na kuzunguka pleti. Ufa mdogo kwenye kioo kinachopata moto kila siku hauishii kuwa mdogo. Kioo cha Tabata kilikuwa kizima.

Linaungwaje?

Hapa kuna viungo viwili, na matangazo karibu yote hayataji hata kimoja.

Kiungo cha kwanza kipo nyuma ya jiko. Majiko ya mezani kwa kawaida yana chuchu ya chuma yenye mikunjo, ambayo mpira unasukumwa ukaingia kisha unabanwa kwa klipu. Majiko makubwa yenye oveni mara nyingi yana uzi wa kuzungusha, na mpira hauingii hapo mpaka upate chuchu ya kuongezea pamoja na wosha yake. Mnunuzi asipojua, ataenda dukani na kurudi na kitu kisichoingia, halafu atajaribu kukilazimisha kwa utepe au kitambaa. Kiungo cha gesi hakizibwi kwa kitambaa.

Kiungo cha pili kipo juu ya mtungi, na hapo ni reguleta. Kuna ya kubofya, inayokaa juu ya valvu na kushika kwa mlio wa "ta", na kuna ya kuzungusha kwa uzi. Hazibadilishani. Hata zile za kubofya hazifanani zote, kwa sababu ukubwa wa valvu hutofautiana kati ya aina za mitungi. Reguleta inayokaa vizuri kwenye mtungi wako inaweza kulegea au isikae kabisa kwenye wa mwenzako. Ndiyo maana tangazo linatakiwa kusema: "Nimelitumia na mtungi wa kilo 15, reguleta ya kubofya." Taja na kampuni ya mtungi ukipenda. Mnunuzi atalinganisha na alichonacho.

Angalia pia presha ya reguleta. Ya nyumbani ni ya presha ndogo na haina kitu cha kurekebisha. Juu yake huandikwa presha, kwa mfano 28 au 30 `mbar`. Ile yenye kishikio cha kuongeza na kupunguza ni ya presha kubwa, na ni ya majiko mazito ya mama lishe na ya sherehe. Wapo wanaoifunga kwenye jiko la nyumbani ili maharage yaive haraka. Jiko hilo, swichi zake na mpira wake havikutengenezwa kwa presha hiyo. Kama jiko unalouza liliwahi kutumika hivyo, mnunuzi ana haki ya kulijua, na fundi alifungue kwanza.

Idadi ya pleti na mtungi navyo vina uhusiano. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauwezi kulisha pleti nne na oveni kwa pamoja kwa muda mrefu. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika kinachogeuka hewa, na kazi hiyo huupoza mtungi. Ukiupa kazi kubwa utaona umelowa jasho la baridi na moto unadhoofika ingawa gesi haijaisha. Kwa jiko la pleti mbili hiyo si shida.

Mpira una umri gani?

Katika vyote vinavyouzwa pamoja na jiko, mpira ndio unaozeeka kwanza. Unapata joto, unamwagikiwa mafuta, unakunjwa nyuma ya kabati, na katika nyumba nyingi panya nao wanaujaribu.

Anza kwa kuusoma. Mpira wa gesi uliotengenezwa kwa viwango huwa umeandikwa mwilini: jina la mtengenezaji, kiwango, na mara nyingi mwaka. Ukomo unaotajwa sana ni miaka mitano, hata kama unaonekana mzuri. Ule unaokatwa kwa mita dukani bila maandishi yoyote hauna umri unaojulikana, basi andika hivyo. Na kama ni mpira wa kumwagilia maji, hilo ni tatizo tosha, maana gesi ya mtungi huukausha kwa ndani mpaka unapasuka.

Kisha ukunje kama upinde, kipande kwa kipande, ukiwa umefunga mtungi. Nyufa ambazo hazionekani mpira ukiwa umenyooka hufunguka ukikunjwa. Bonyeza kwa vidole. Sehemu iliyokuwa ngumu kama plastiki, au iliyolainika na kunata, imekwisha. Angalia sana sentimita kumi za kila mwisho, kwenye klipu, kwa sababu hapo ndipo mpira unapokazwa na kuvutwa. Ukiona umebanwa kwa waya badala ya klipu ya skrubu, hapo fundi alikuwa na haraka. Waya hukata mpira taratibu.

Pima na urefu. Mita moja na nusu inatosha kwa jikoni la kawaida. Mpira mfupi sana huvutwa kila jiko likisogezwa, na mrefu sana hulala sakafuni, ambako mtoto anayetambaa ataukuta. Usipite nyuma ya oveni wala karibu na moto.

Mpira wa Tabata ulikuwa wa rangi ya chungwa, mita moja na nusu, umeandikwa 2019. Ulipokunjwa karibu na klipu ya upande wa jiko, nyufa nyembamba kama nywele zilijitokeza. Mama mwenye jiko alishangaa, kwani hakuwahi kusikia harufu hata siku moja. Kwa mpira kama huu uamuzi ni mmoja: ukatwe vipande viwili mbele ya mnunuzi ili asije akautumia "kwa leo tu". Lakini fundi aliomba usikatwe kwanza. Alitaka atuonyeshe.

Povu linasema nini?

Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Harufu ile ya kitu kilichooza huongezwa makusudi ili pua itambue. Lakini pua si kipimo cha kutegemea peke yake. Mwenye mafua hasikii, na hata mzima akikaa kwenye harufu kwa muda, pua huizoea. Mama anayepika kila siku kwenye jikoni lenye harufu kidogo anaweza kuwa wa mwisho kuisikia. Mwite mtu anayetoka nje anuse.

Kipimo cha nyumbani ni povu. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji, kiasi sawa, changanya taratibu kwenye kikombe bila kulikoroga mpaka litoe mapovu, kwa sababu unataka mapovu yaletwe na gesi na si na kijiko. Fungua madirisha na mlango. Zima kila moto, pamoja na jiko la mkaa la jirani kama liko mlangoni. Watoto wawe nje. Jiko liwe limepoa na swichi zake zote zimefungwa. Kisha fungua mtungi, ambao lazima uwe na gesi.

Kwa sponji, paka mchanganyiko huo pale reguleta inapokaa kwenye mtungi, kisha mpira unapoingia kwenye reguleta, kisha mwili wote wa mpira, kisha unapoingia kwenye jiko. Kila sehemu ipe dakika nzima ya kuitazama. Mapovu ya kupaka hubaki palepale na kufa. Mapovu ya gesi huzaliwa na kukua, na ukiyafuta yanarudi. Usitumie kiberiti kupima, hata kwa sekunde moja.

Tabata, reguleta ilikuwa safi. Mpira ulipoingia kwenye jiko, palepale penye zile nyufa, shanga ndogo za povu zilianza kujipanga ndani ya nusu dakika. Jikoni kulikuwa hakuna harufu yoyote. Mama yule alikuwa amesema "halivuji" kwa nia njema kabisa.

Fundi alifunga mtungi, akatoa mpira, akaukata, akaweka mpya na klipu mpya mbili. Povu la pili upande huo likawa tulivu.

Wengi huishia hapo. Lakini gesi ilikuwa imefika hadi kwenye swichi, na swichi zenyewe ni viungo. Fundi alivuta vile vishikio vya kuzungushia, vinavyotoka kwa mkono, akapaka povu kwenye shina la kila swichi. Ya kulia ilitulia. Ya kushoto, ile ya pleti kubwa inayotumika kila siku, ilitoa povu moja la polepole, likakua kama punje ya dengu, likapasuka, likaanza jingine. Mama mwenyewe alikumbuka kwamba swichi hiyo ilikuwa imekuwa nzito kuzungusha. Ndani ya swichi kuna kipande cha shaba kinachozunguka kwenye tundu lake, na kati yao kuna grisi maalumu inayovumilia joto. Grisi ikikauka, swichi inakuwa nzito na gesi inapata njia. Ilifunguliwa, ikasafishwa, ikapakwa grisi hiyo na si mafuta ya kupikia, ikarudishwa. Kipimo cha tatu kilikuwa safi.

Kwa nini tone moja la povu lihangaikiwe hivyo? Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Haipandi ikatoka dirishani. Inashuka, inakaa sakafuni, chini ya kabati, kwenye kona isiyo na upepo. Inaweza kushika moto ikifika sehemu 2 tu kati ya 100 za hewa ya mahali pale. Katika jikoni lenye madirisha wazi, tone lile litapeperuka. Katika chumba kimoja kilichofungwa usiku kucha, ambamo familia inalala na kupika, lina muda wa kukusanyika, na aliye chini zaidi kwenye godoro la sakafuni ni mtoto.

Kipimo hiki kina mipaka yake, nayo inaandikwa. Swichi zikiwa zimefungwa, gesi haifiki kwenye mabomba madogo yaliyo kati ya swichi na pleti, kwa hiyo povu haliwezi kusema lolote juu yake. Ukiwasha na kuona moto mdogo mahali pasipo pake, chini ya kioo au nyuma ya swichi, funga mtungi mara moja. Pili, kipimo ni cha siku ile na mtungi ule. Katika reguleta nyingi za kubofya, wosha inayozuia gesi ipo ndani ya valvu ya mtungi wenyewe, kwa hiyo kila mtungi mpya ni kiungo kipya. Ukiona povu hapo baada ya kubadilisha mtungi, ufunge na uurudishe kwa muuzaji. Tatu, safari ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi inaweza kulegeza kilichokuwa kimekaza. Mnunuzi anapima upya nyumbani kwake kabla ya kuwasha.

Tangazo lilivyoandikwa upya

Baada ya yote hayo, tangazo la Tabata lilisomeka hivi. Unaweza kulinakili na kubadilisha ya kwako:

"Nauza jiko la gesi la mezani, la kioo, pleti mbili, zote za gesi. Kioo hakina ufa. Kushoto kubwa inajiwasha, kulia ndogo inahitaji kiberiti. Moto wa bluu pande zote. Kibandiko: G30, picha ipo.

"Kuunga: nyuma kuna chuchu ya kuingiza mpira na klipu ya skrubu. Nimelitumia na mtungi wa kilo 15, reguleta ya kubofya, presha ndogo. Mtungi na reguleta siuzi.

"Mpira: mpya, umewekwa Jumamosi hii, mita moja na nusu, maandishi yanasomeka. Wa zamani wa 2019 ulikuwa na nyufa, umekatwa.

"Uvujaji: umepimwa kwa povu Jumamosi asubuhi, mtungi ukiwa na gesi. Mara ya kwanza ulivuja kwenye mpira wa zamani na kidogo kwenye swichi ya kushoto. Mpira umebadilishwa, swichi imewekwa grisi na fundi, ikapimwa tena, hakuna povu. Mabomba ya ndani hayakufunguliwa. Pima tena ukishalifunga kwako."

Mama yule aliogopa kulituma. Aliona kama anajisema vibaya, na kweli katika mazungumzo alipunguza elfu kumi kwenye bei aliyotaka, juu ya hela ya mpira na fundi. Lakini mnunuzi alijua vitu vitatu ambavyo tangazo la kwanza lisingemwambia. Alihitaji kununua reguleta, na alijua ni ya aina gani. Pleti ya kulia asiizungushe tena na tena, bali ashike kiberiti kikiwa kimewaka kwanza. Na swichi ya kushoto ikianza kuwa nzito tena, hiyo ni dalili ya kumwita fundi kabla hata harufu haijaja.

Kama wewe ndiye mnunuzi na tangazo lina neno "halivuji" tu, usigombane na muuzaji. Muulize: "Mpira umeandikwa mwaka gani?" na "Mara ya mwisho ulipima kwa povu lini, na ukiwa na mtungi gani?" Mwenye majibu atakujibu kwa mistari miwili. Asiye nayo, nenda na kikombe chako cha sabuni na upime mbele yake kabla ya kutoa hela. Kama hana mtungi wenye gesi wa kupimia, ujue unanunua jiko lisilopimwa, na gharama ya mpira na fundi iingie kwenye bei.

Ukishalifikisha nyumbani na siku moja ukasikia harufu, usiwashe wala usizime taa, usiguse swichi yoyote ya umeme na usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unaufikia kwa usalama, fungua milango, toa watoto, kisha ukiwa nje na mbali piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Usirudi ndani kufuata kitu. Gesi iliyolala sakafuni inahitaji muda na upepo kutoka, kwa hiyo harufu ikipungua puani bado haijamaanisha kwamba chini ya kabati kuko salama.